Ncha za Majani Zinapokauka: Kutafuta Chanzo Katika Nyumba za Kigoma

Ncha ya jani la mmea wa ndani inapogeuka ya kahawia na kuvunjika kama karatasi iliyopitiwa na moto, wengi wetu hapa Kigoma husema mmea una kiu, kisha huongeza maji. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ncha hiyohiyo huweza kukauka kwa sababu ya chumvichumvi zilizomo katika maji ya bomba, kwa sababu ya hewa kavu ya kiangazi, au kwa sababu mmea hunyeshwa sana leo na kusahauliwa siku kumi zinazofuata, na kila chanzo kina tiba yake. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuvitenganisha vyanzo hivyo vitatu kwa macho, kwa kidole na kwa vijiko vichache vya maji. Mwenyewe, ninapoitwa kuangalia mmea katika nyumba ya mjini hapa, huanza kushuku chumvi, na sababu zangu zinatokana na ziwa letu.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni mazuri kwa kunywa na hayana ladha ya chumvi, lakini yamebeba madini mengi yaliyoyeyuka: takriban miligramu 400 katika kila lita, yakiwamo magnesi, sodiamu na kalisi. Sehemu kubwa ya madini hayo huletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, lililo katika nchi ya volkano. Maji yakishaingia Tanganyika hutoka zaidi kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauondoki na chumvi; mlango pekee wa kutokea ni mto Lukuga upande wa Kongo, nao hupitisha sehemu ndogo tu ya maji yanayopotea. Kwa hiyo chumvi zimejikusanya ziwani kwa muda mrefu. Chungu cha maua kilichowekwa sebuleni hufanya jambo lilelile kwa kasi kubwa zaidi: maji huingia na chumvi zake, hupanda hewani kupitia majani na uso wa udongo, na chumvi hubaki chini. Chungu kisicho na tundu hakina hata Lukuga yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Mmea unaopewa lita moja ya maji ya bomba kwa wiki hupokea karibu gramu 20 za chumvichumvi kwa mwaka, yaani vijiko vinne hivi vya chai. Mmea hutumia sehemu ndogo ya madini hayo, sehemu nyingine huganda na kuwa ukoko mweupe juu ya udongo, na zilizosalia huyeyuka tena kila unapomwagilia. Zile zinazoingia kwenye mizizi husafiri na maji hadi mwisho wa njia, ambako maji hutoka kuwa mvuke na chumvi hukwama. Mwisho wa njia ni ncha ya jani, na ndiyo maana ncha hufa kwanza. Jamaa zetu wa Tabora wanaopata maji ya bomba kutoka Ziwa Viktoria hawana mzigo huo, kwa kuwa maji ya ziwa lile ni mepesi mara kadhaa kuliko haya. Kwao hewa kavu ya kiangazi hustahili kushukiwa mapema zaidi. Wanaotumia visima wapime maji yao kwa jinsi nitakavyoeleza katika hatua ya tatu.

Nitaeleza hatua kwa kutumia nyumba moja ya Gungu, ya mama ninayemwita shangazi, aliyeniita mwezi Agosti. Alikuwa na mimea minne sebuleni: drasena katika ndoo ya rangi ya lita tano, klorofitamu (ule mmea wa majani membamba yenye mstari mweupe, unaoning'iniza vichanga vyake) katika chungu kidogo cha udongo, kangaga mmoja dirishani, na konge la mapambo pembeni mwa televisheni. Konge lilikuwa zima. Mingine mitatu ilikuwa na ncha za kahawia. "Mwanangu," aliniambia, "ni hili jua na upepo wa kusi. Nawapulizia maji asubuhi na jioni, na bado wanaungua."

Hatua ya kwanza: soma jani kabla ya kugusa udongo

Anza kwa kuuliza ni majani gani yaliyoathirika. Chumvi huhitaji muda kujikusanya, hivyo majani ya zamani, yale ya chini, huonyesha dalili kwanza, huku majani mapya yakiwa safi. Ukavu huanzia nchani, kisha hutambaa polepole kwenye kingo, na mara nyingi kati ya sehemu iliyokufa na sehemu ya kijani hupita ufito mwembamba wa njano. Hali huendelea wiki hadi wiki, masika na kiangazi.

Hewa kavu haichagui umri kwa namna hiyo. Huipata mimea yenye majani mepesi yasiyo na unene, kama kangaga na kalathea, na hugusa hata jani changa ambalo huenda likakunjuka likiwa limekwisha kukauka pembeni. Tazama pia mahali: upande wa mmea unaoelekea dirisha au feni huwa umeumia zaidi kuliko upande wa ukutani. Dalili huongezeka kuanzia Juni na kupungua mvua zinaporudi.

Umwagiliaji usio na mpangilio huacha alama ya matukio. Majani mengi hukauka kwa pamoja ndani ya siku chache, baada ya mmea kunyauka na kuinuka tena, kisha hali hutulia mpaka utakaposahaulika tena. Ukiona kwenye jani moja sehemu ya kahawia iliyopauka, na nyuma yake ukanda mwingine wa kahawia iliyokolea, huenda hizo ni safari mbili tofauti za kiu. Maji yaliyozidi nayo hukausha ncha, kwa sababu mizizi iliyooza hainywi, lakini hapo jani lote hulegea na kuwa la njano, na udongo hutoa harufu ya tope la mtaro.

Drasena ya shangazi ilikuwa imekauka sentimita tatu hadi nne kwenye majani ya chini, ikiwa na ule ufito wa njano, na kileleni majani yalikuwa safi kabisa. Klorofitamu ilikuwa imekauka karibu kila jani. Kangaga alikuwa tofauti: upande wa dirishani ulikuwa umesinyaa wote, hadi vijani vichanga, ilhali upande wa ndani ulikuwa wa kijani. Hapo nilianza kuamini kwamba nyumba ile ilikuwa na matatizo mawili. Konge nalo lilikuwa shahidi mzuri, kwa kuwa lina jani nene linalotunza maji na hunyeshwa mara chache, hivyo huhitaji muda mrefu zaidi kukusanya chumvi.

Hatua ya pili: chunguza chungu na udongo

Tafuta ukoko mweupe kama magadi juu ya udongo, kwenye ukingo wa ndani wa chungu na kwenye shina pale linapogusana na udongo. Chungu cha udongo wa mfinyanzi husaidia sana katika uchunguzi, kwa sababu hutoa jasho la chumvi kwa nje. Kile cha klorofitamu kilikuwa na utando mweupe kuanzia kitako hadi katikati, nao ulibaki kwenye kidole kama unga nilipoukwangua. Usiuchanganye na ukungu, ambao ni mwororo kama pamba na hufutika kwa kitambaa chenye maji, chumvi hukwaruza.

Kisha ingiza kidole hadi pingili ya pili. Udongo ukiwa mkavu kabisa na umejitenga na ukuta wa chungu, maji unayomimina hupita kwenye mwanya huo na kutokea chini bila kuulowesha. Mwenye mmea huona maji kwenye kisahani na kuamini kwamba umekunywa. Hiyo ni dalili ya kiu halisi, na tiba yake ni kukizamisha chungu ndani ya beseni la maji kwa nusu saa hadi udongo uvimbe, kisha kukiacha kichuje.

Mwisho, geuza chungu utazame matundu. Ndoo ya drasena ilikuwa na tundu moja tu, na lilikuwa limezibwa na mizizi. Chungu cha klorofitamu kilikuwa na matundu mazuri, lakini kilikaa kwenye kisahani chenye maji yaliyosalia tangu juzi. Maji yale ni yale yaliyokwisha kupita kwenye udongo na kubeba chumvi. Yakiachwa, chungu huyafyonza tena, na kazi yote ya kuchuja huwa bure.

Uliza pia ni nini kingine kimewekwa chunguni. Shangazi alikuwa akinyunyiza majivu ya jiko la mkaa ili kufukuza sisimizi. Majivu yana potasi nyingi na hukaribia magadi kwa ukali, kwa hiyo katika mji wenye maji ya aina hii yanaongeza tatizo juu ya tatizo. Mbolea ya dukani iliyotiwa kwa kukisia, na maji yaliyochemshiwa viazi yakiwa na chumvi, huingia kwenye hesabu hiyohiyo.

Hatua ya tatu: kausha vijiko vitatu vya maji

Jaribio hili halihitaji kifaa chochote na huondoa ubishi. Chukua sahani nyeusi, au kioo juu ya kitambaa cheusi. Weka kijiko kimoja cha maji ya mvua, kijiko kimoja cha maji ya bomba, na kijiko kimoja cha maji yaliyochuja kutoka chini ya chungu. Ili kupata hayo ya mwisho, mwagilia kama kawaida, subiri nusu saa, kisha ongeza maji kidogo na kinga matone yanayotoka chini. Chujio la kitambaa safi litaondoa tope. Acha vijiko vyote vikauke kivulini au juani, mradi viwe mahali pamoja.

Maji ya mvua huacha karibu hakuna kitu. Ya bomba huacha duara jembamba jeupe. Linganisha ya chungu na ya bomba: yakiacha duara zito zaidi kwa dhahiri, chumvi zimejaa, yakilingana, basi chungu chako kinachuja vizuri na unapaswa kutafuta chanzo kingine. Maji ya klorofitamu ya shangazi yaliacha tabaka la rangi ya kahawia na nyeupe lililokatika kama magamba lilipoguswa. Ile rangi ya kahawia ni ya udongo, na haihesabiwi. Kinachotazamwa ni fuwele nyeupe.

Jaribio hili lina mpaka wake. Linakuonyesha wingi wa chumvi bila kukuonyesha aina yake, na drasena na klorofitamu zinajulikana kuwa nyepesi kuumizwa hata na floridi kidogo, ambayo jicho haliwezi kuiona kwenye sahani.

Hatua ya nne: osha udongo

Kazi hii ifanywe asubuhi, nje, mahali penye kivuli. Kwanza kwangua ukoko mweupe pamoja na udongo wa juu usiozidi nusu sentimita, uutupe. Hakikisha matundu yako wazi. Katika ndoo ya plastiki ongeza mengine kwa msumari uliopashwa moto, manne au matano yenye upana wa kalamu.

Kiasi cha maji ni mara mbili ya ujazo wa chungu. Ndoo ya lita tano huhitaji lita kumi. Yamimine polepole kwa mafungu ya lita moja, ukisubiri dakika tano kati ya fungu na fungu, kwa sababu chumvi huhitaji muda kuyeyuka na maji yaliyomwagwa kwa mkupuo hukimbilia njia za haraka na kuacha sehemu nyingine hazijaguswa. Maji ya bomba yanafaa kwa mafungu ya mwanzo, kwani hata yakiwa na madini ni mepesi kuliko yale yaliyomo udongoni. Ukiwa na maji ya mvua, yaweke kwa mafungu mawili ya mwisho. Chungu kikae juu ya matofali mawili hadi kiache kudondosha, ndipo kirudi ndani.

Usioshe mmea wenye mizizi iliyooza, kwa kuwa utaumalizia. Huo unahitaji kutolewa, kukatwa mizizi myeusi na kupandwa upya. Kumbuka pia kwamba maji yanayobeba chumvi hubeba na chakula cha mmea. Baada ya mwezi mmoja rudisha mbolea, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, na kamwe usiiweke juu ya udongo mkavu.

Watu huuliza kama kuyaacha maji usiku kucha kwenye ndoo hutosha. Huko hupunguza klorini, basi. Chumvi haziruki. Kuchemsha nako hugandisha sehemu ya kalisi chini ya sufuria, lakini zilizobaki hukolea kwa sababu maji yamepungua.

Hatua ya tano: badilisha umwagiliaji

Hapa ndipo chumvi na mpangilio mbaya wa maji hukutana, na ningependa msomaji apatazame kwa makini. Tuseme udongo wa chungu unashika lita moja na nusu ya maji baada ya kunyeshwa. Ukiacha ukauke hadi ibaki nusu lita, chumvi zilezile sasa zimo katika theluthi ya maji, kwa hiyo ukali wake umekuwa mara tatu. Mmea ulioweza kuvumilia siku ya kwanza huungua siku ya tisa, nawe unaona kiu na kumbe ni chumvi iliyokolezwa na kiu. Ndiyo maana nyumba mbili zenye maji ya bomba lilelile hupata matokeo tofauti.

Mwagilia pale sentimita mbili za juu zinapokauka, kwa mimea kama drasena na klorofitamu, ukipima kwa kidole badala ya kuhesabu siku. Kila mara mimina hadi maji yatokee chini, kiasi cha kikombe kimoja kwa kila vikombe vinane au kumi ulivyoweka, kisha mwaga kisahani baada ya robo saa. Kile kidogo kinachotoka ndicho kinachobeba chumvi kwenda nje. Anayetoa maji kidogo kidogo kila siku ili kisahani kisichafuke anaziweka chumvi zote ndani. Rudia kuosha udongo kama nilivyoeleza katika hatua ya nne kila baada ya miezi minne hadi sita. Mimi huosha mwanzo wa kiangazi na tena mvua zinapoanza.

Maji ya mvua ni msaada mkubwa, na Kigoma tunayapata kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Mimea sita inayotumia lita moja moja kwa wiki, kwa wiki 20 za kiangazi, huhitaji lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya bomba, madumu matatu yatakuvusha hadi Oktoba. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati kabla ya kukinga, na yafunike madumu vizuri ili mbu wasitage.

Inapobaki kuwa hewa

Kumpulizia kangaga maji huongeza unyevu kwa dakika chache tu, na kwa maji yetu huacha madoa meupe juu ya majani, kama yale niliyoyakuta kwa shangazi na ambayo yeye alidhani ni ugonjwa mwingine. Kinachosaidia ni kumwondoa kwenye njia ya upepo na kumsogeza karibu na mimea mingine, kwa kuwa mimea iliyokusanyika hupeana mvuke. Wengine humhamishia bafuni penye dirisha, na kwa kangaga hapo ndipo mahali bora kabisa katika nyumba nyingi.

Namna ya kujua kama umepata chanzo

Sehemu iliyokufa hairudi kuwa ya kijani, hivyo usiitumie kupima mafanikio. Funga uzi mwembamba kwenye majani matano, mahali hasa panapoishia rangi ya kahawia, uandike tarehe. Baada ya wiki nne tazama kama ukavu umevuka uzi. Ukitaka kukata ncha kwa ajili ya macho, tumia mkasi mkali, ufuate umbo la jani, na uache ufito mwembamba wa kahawia bila kuukata, kwani ukikata ndani ya kijani unafungua kidonda kipya kitakachokauka vilevile.

Kwa shangazi tuliosha drasena na klorofitamu mwishoni mwa Agosti, tukaacha majivu, na kangaga akahamishwa kutoka dirishani bila kuoshwa, ili tujue kila tiba imefanya nini. Mwishoni mwa Septemba drasena haikuwa imevuka hata uzi mmoja. Klorofitamu ilivuka nyuzi mbili kati ya tano, kisha ukoko ukarudi kwenye chungu chake kabla ya Oktoba kwisha. Udongo wake ulikuwa umechoka na kushikana, tukaubadilisha wote kwa mchanganyiko wa udongo wa majani yaliyooza na mchanga wa mtoni, na chungu tukakilowesha ndani ya ndoo ya maji kwa siku mbili kabla ya kukitumia tena. Kangaga alitoa vijani vipya vitatu upande uliokuwa umesinyaa, na vyote vilikunjuka vikiwa na ncha nzima, ingawa alikuwa bado ananyweshwa maji yaleyale ya bomba.